Mode Présentateur haifichi chochote

Wiki iliyopita hapa Bukavu, katika maandalizi ya utetezi wa kazi za kumaliza masomo, nilisikia tena maneno yale yale kwa mwanafunzi mmoja: «Usijali, Mwalimu, nimeweka prezentateri, note hazitaonekana.» Muda mfupi baadaye note zote zilikuwa ukutani, hata pale alipojiandikia «hapa nisisahau kuwashukuru wazazi».

Mode Présentateur ya PowerPoint ni namna ya kuonyesha diapo ambapo wasikilizaji wanaona diapo peke yake, huku msemaji akiona note zake, diapo inayofuata na saa. Maana yake ni hiyo tu. Kinachopotosha watu ni kudhani kwamba programu inazifunika note.

Majina yenyewe yanaeleza. Diaporama limetokana na diapositive, yaani kipande cha filamu kinachopitisha mwanga, likaungwa na mwisho -orama, wenye asili ya Kigiriki, unaohusu kuona. Basi ni jina la kile kinachotazamwa na watu. Présentateur ni jina la mtu, yule anayesema. Kwa hiyo PowerPoint inafungua madirisha mawili, moja la watazamaji na moja la msemaji, na kila dirisha linahitaji skrini yake. Kinachotenganisha note na macho ya watu ni skrini ya pili, wala si pazia lolote.

Mwanafunzi wetu alichomeka kebo ya projekta, akabonyeza Windows+P, akachagua «Dupliquer», kwa sababu alitaka ukuta uonyeshe kilicho kwenye kompyuta. Ukuta ulimtii. Alipobonyeza F5 aliona diapo tu pande zote mbili, bila note, kwa kuwa kwa kompyuta hizo zilikuwa skrini moja. Ndipo akakumbuka Alt+F5, anayoitumia nyumbani kufanya mazoezi kwenye skrini moja: dirisha la msemaji likafunguka, na projekta ikalinakili lote. Angechagua «Étendre», F5 peke yake ingetosha, mradi kisanduku «Utiliser le mode Présentateur» katika «Diaporama» kimewekewa alama. Na kama pande zingegeuka, note zikaenda ukutani na diapo zikabaki mbele yake, mipangilio ya skrini iliyo juu ya dirisha la msemaji ina amri ya kuzibadilishana.

Kwenye Zoom ni vilevile: ukishiriki skrini nzima ambayo dirisha la msemaji limefunguka juu yake, watu watasoma kila kitu, kwa hiyo shiriki dirisha la diaporama peke yake.

Naomba basi tusiseme «nimeficha note», tuseme «nimetenga skrini». Na kabla jury haijaingia, sukuma mshale wa kipanya hadi ukingo wa skrini yako, kulia kisha kushoto: ukitoka kwenye kompyuta na kutokea ukutani, skrini zimetengana; ukionekana pande zote mbili kwa wakati mmoja, bado ni Dupliquer.