Umegonga gari lililoegeshwa, mwenyewe hayupo: kikaratasi na polisi

Chukua kivuko cha Kamanga, Mwanza mjini. Mtu anapaki Vitz yake upande huu wa ziwa, anavuka kwenda Sengerema, na anaweza asirudi mpaka jioni. Wewe na Noah yako unarudi nyuma haraka ili uwahi kupanga foleni, mara kishindo: taa yake ya nyuma ya kushoto imepasuka na bampa limebonyea. Unaangalia huku na huku, hakuna mtu ndani.

Ukiingia kivukoni na kuondoka, hapo ndipo ajali ndogo inageuka kuwa "kugonga na kukimbia". Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka dereva aliyesababisha ajali asimame, atoe jina, anwani na namba ya gari kwa mwenye haki ya kuvijua, na aripoti polisi. Mwenye gari kutokuwepo hakufuti lolote kati ya hayo.

Kabla hujasogeza gari, piga picha: magari yote mawili yakionekana na namba zake, kisha vipande vya taa pale chini. Halafu muulize mlinzi, mkusanya ushuru wa maegesho au bodaboda wa kijiweni kama wanamjua mwenyewe. Mara nyingi kuna anayemjua, na simu moja inamaliza kazi ya kumtafuta.

Asipopatikana, andika kikaratasi: "Leo saa 2:40 asubuhi nikirudi nyuma nimegonga gari lako, taa ya nyuma kushoto na bampa." Ongeza jina, simu na namba ya gari lako. Usiandike "kosa langu, nitalipa zote", kwa sababu mikataba mingi ya bima inamkataza mteja kukiri kosa au kuahidi malipo kabla ya kampuni kukubali. Kibanwe kwenye mpira wa kioo upande wa dereva. Chini ya waipa upepo wa ziwa utakichukua, au mvua itafuta wino. Mwachie mlinzi nakala.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Kikaratasi kikipotea, utathibitishaje kwamba hukukimbia? Nenda kituo cha polisi kilicho karibu siku hiyohiyo, onyesha picha, na uchukue namba ya RB. Uingereza nako, dereva ambaye hakumpa mwenye gari taarifa zake ana kwa ana lazima aripoti polisi ndani ya saa 24, hata kama aliacha kikaratasi.

Kisha piga simu kwa kampuni yako ya bima. Bila ripoti ya polisi, na mara nyingi fomu ya ukaguzi wa gari, PF 93, dai haliendi mbali. Mwenye Vitz naye akitaka kujua kama bima yako ni hai, anaingiza namba ya gari lako kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima.

Mkiamua kumalizana wenyewe kwa bei ya taa ya mtumba na kazi ya fundi, sawa, lakini muandikishane na kila mmoja asaini, ili wiki ijayo asije na mlango uliobonyea zamani akidai ni wewe.