Njoo Nikupe: Namna Nilivyoandika Hadithi ya Ukweli kwa Mtoto wa Miaka Mitano

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili ambavyo mwandishi wa vitabu vya watoto wa Kiislamu haruhusiwi kuvichanganya. Hadithi ni kisa cha sungura na fisi anachosimulia bibi usiku, na Hadithi ni maneno na matendo ya Mtume Muhammad (S.A.W.) yaliyopokewa kutoka msimulizi hadi msimulizi. Mtu mzima hutambua kwa muktadha ni ipi inayokusudiwa. Mtoto wa miaka mitano hana muktadha huo, na kwake yote mawili yametoka katika kinywa kile kile cha mwalimu.

Mimi huandika na kuhariri vijitabu vya watoto wa chuo cha Kurani, wa miaka 4 hadi 6, na tatizo hili hunikabili zaidi pale maudhui yenyewe yanapokuwa ukweli. Mtume amesema, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kumzulia uongo kwa makusudi na ajiandalie makazi yake Motoni. Kwa hiyo siwezi kubuni mtoto, nikamweka mbele ya Mtume, nikampa Mtume maneno mazuri ya kumwambia, hata kama maneno hayo yanafanana na mafundisho yake. Kitabu cha kufundisha ukweli kingekuwa kimeanza kwa uzushi. Njia ninayoifuata ni kutenganisha: kisa nilichokibuni hufunguliwa kwa “Paukwa! Pakawa!”, ambayo mtoto wa pwani anajua kuwa ni mlango wa mambo ya kutungwa, na Hadithi hukaa peke yake kwenye ukurasa wa mwisho, ikianza na jina la aliyeisimulia. Ukurasa huo hauna sura ya mtu yeyote. Mchoraji huweka sahani na tende moja, basi.

Baada ya hapo huja kazi ya kuchagua Hadithi. Iliyo mashuhuri zaidi kuhusu ukweli ni ile ya Abdullah bin Masud, kwamba ukweli huongoza kwenye wema na wema huongoza Peponi. Ni Hadithi sahihi, na watoto huihifadhi kwa Kiarabu upesi, lakini ndani yake hamna mtu anayefanya kitu ambacho mtoto mdogo anaweza kukiona, na “huongoza kwenye wema” ni njia isiyochoreka. Nikachukua nyingine, iliyomo katika Sunan ya Abu Daud, ambayo Abdullah bin Amir anasimulia jambo lililompata utotoni:

“Mama yangu aliniita siku moja, na Mtume wa Mwenyezi Mungu amekaa nyumbani kwetu. Akasema: Njoo nikupe. Mtume akamwuliza: Ulitaka kumpa nini? Akajibu: Nitampa tende. Mtume akamwambia: Lau usingempa kitu, ungeandikiwa uongo mmoja.”

Mwalimu mwangalifu atauliza juu ya upokezi wake, na ana haki. Aliyeipokea kutoka kwa Abdullah bin Amir ni mmoja wa watumishi walioachwa huru wa ukoo wake, ambaye hakutajwa jina, na ndiyo maana katika maelezo ya mwalimu ninaiweka sambamba na ile ya Ibn Masud, isisimame peke yake. Lakini kwa mwandishi ina vitu viwili adimu: mkono ambao huenda una kitu na huenda hauna, na swali fupi ambalo mtoto anaweza kulirudia. Kisa chote nilikijenga juu ya mkono huo na swali hilo. Hiki hapa, kama kinavyosomwa kwa sauti.

Paukwa! Pakawa!

Jua lilikuwa linazama. Mama akamwambia Salma, “Kamwite mdogo wako aje akoge.”

Hamadi alikuwa uani, anafukuza kuku.

“Hamadi, njoo!” Hamadi hakuja.

“Hamadi, njoo ukoge!” Hamadi akakimbia zaidi.

Salma akafumba ngumi. Akainyoosha mbele. “Hamadi, njoo nikupe!”

Hamadi akasimama. Akawaacha kuku. Akaja mbio. “Nipe!”

Hamadi akaifungua ngumi ya Salma. Kidole kimoja. Kidole cha pili. Kidole cha tatu. Mkononi hamna kitu. Hamadi akalia.

Bibi alikuwa amekaa mkekani, anapepeta mchele. Akauliza, “Salma, ulitaka kumpa nini?”

Salma akautazama mkono wake. Akataka kusema, “Tende, lakini imeanguka, kuku wameila.” Kuku walikuwa wengi. Bibi angeamini.

Salma akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Sikuwa na kitu, Bibi. Nilitaka aje tu.”

Bibi akauweka ungo chini. “Ahsante kwa kuniambia, Salma. Sasa najua kwa nini Hamadi analia.”

Salma akaingia ndani. Alikuwa na tende moja aliyojiwekea. Akarudi nayo. Akafumba ngumi. “Hamadi, njoo nikupe.”

Hamadi akamtazama. Hakuja.

Salma akakaa chini, akangoja. Hamadi akaja polepole. Akafungua kidole kimoja. Kidole cha pili. Kidole cha tatu. Tende!

Hamadi akaila. Kokwa akawatupia kuku. Kisha akaenda kukoga.

Rasimu ya kwanza haikuwa hivi. Ndani yake, Salma alipokiri, Bibi alimpa tende mbili kwa kuwa msema kweli. Nilipoisoma mbele ya watoto, mmoja wao, mvulana mwenye akili nyingi kuliko mimi siku ile, aliuliza: “Kwa hiyo kwanza nidanganye?” Alikuwa amefuata mambo kwa mpangilio nilioupanga mwenyewe: Salma alidanganya, akasema kweli, akapata tende mbili, asingedanganya, asingepata hata moja. Tangu hapo tende haimwendei msema kweli. Inatoka kwake na kwenda kwa aliyedanganywa, na inamgharimu Salma tende yake ya pekee.

Hata hivyo sikutaka ukweli wake uishie patupu, na hapa nilikuwa na sababu ya kitaalamu. Mwaka 2014 watafiti nchini Kanada, wakiwamo Kang Lee na Victoria Talwar, walichapisha utafiti uliohusisha watoto 268 wa miaka 3 hadi 7. Mtoto aliachwa peke yake chumbani na kitu cha kuchezea nyuma yake, akiwa ameambiwa asigeuke kukitazama. Mtafiti alirudi, akamsomea kisa, kisha akamwuliza kama alichungulia. Kisa cha Pinokio, ambaye pua yake hurefuka, na kile cha mchungaji aliyepiga kelele za mbwamwitu havikuongeza ukweli kuliko kisa kisichohusu uongo hata kidogo. Kilichoongeza ni kile cha Joji Washington aliyekiri kuwa ameukata mcheri wa baba yake, akasifiwa kwa kusema kweli. Watafiti walipokibadili ili kionyeshe mabaya yanayotokana na kudanganya, faida yake ikatoweka. Visa vyetu vingi vya chuoni vimeegemea upande wa Pinokio, yaani mwongo anapatikana na janga, na kwa hiyo mtoto anajifunza kuogopa kukamatwa. (Kisa hicho cha mcheri chenyewe, kwa njia, hakina ushahidi, kilitokea katika toleo la 1806 la wasifu wa Washington ulioandikwa na Mason Weems, na wanahistoria wanakihesabu kuwa ni cha kubuni. Watoto wamefundishwa ukweli kwa kisa cha uongo kilichotolewa kama historia, na ndilo kosa ninalolikwepa kwa ile Paukwa.) Ndiyo maana Bibi anashukuru, tena anataja sababu ya kushukuru: sasa anajua mtoto analilia nini. Hatoi zawadi, wala hatoi hotuba.

Jambo jingine nililoliondoa ni malaika. Rasimu ile ilikuwa na mstari kuhusu malaika mwenye kalamu anayeandika uongo wa Salma, kwa kuwa Hadithi inasema “ungeandikiwa uongo mmoja”. Mstari ule ulikuwa unatisha, lakini kosa lake kubwa zaidi lilikuwa la kielimu. Anayeambiwa maneno hayo katika Hadithi ni mama, mtu mzima. Kuhusu mtoto, tumepokea Hadithi nyingine isemayo kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmojawao ni mtoto mpaka abaleghe. Kumwambia mtoto wa miaka mitano kuwa uongo wake umekwisha kuandikwa ni kumwambia jambo lisilo la kweli kuhusu dini yake. Badala ya malaika nikaweka neno moja: “Hakuja.” Hamadi, aliyekuja mbio mara ya kwanza, mara ya pili anamtazama tu dada yake. Ninapofika hapo huwa nanyamaza kidogo, kwa kuwa ndipo watoto wanapojisogeza mbele.

Nilihakikisha pia kwamba Salma anajua mkono wake ni mtupu tangu mwanzo. Mwanasaikolojia Piaget alieleza mwaka 1932 kwamba watoto wadogo huhesabu hata kukosea kuwa ni kusema uongo, bila kuangalia nia ya msemaji. Kama ningeandika kwamba Salma alidhani ana tende mfukoni akaikosa, wasikilizaji wangemhukumu vile vile, na kisa kingekuwa kimewafundisha kuwa mwenye kusahau na mwenye kudanganya ni sawa. Baada ya kusoma huuliza swali moja tu: “Salma alipoita mara ya kwanza, alijua nini?” Mtoto akijibu kuwa alijua mkono ni mtupu, amekielewa kisa. Akijibu “alikuwa mbaya”, najua amesikiliza hukumu ambayo mimi sikuiweka, na hurudi naye kwenye ile ngumi, tukafungua vidole kimoja kimoja.

Malalamiko niliyoyapata yametoka kwa wazazi. Mama mmoja aliniambia kwamba kwa miaka yote amekuwa akimwita mwanawe kwa “njoo nikupe” wakati wa kuoga na wakati wa dawa, na kwamba tangu kitabu kiingie nyumbani mtoto hasogei mpaka aulize, “Unataka kunipa nini?” Aliniomba nibadilishe neno hilo katika chapa ijayo, niweke jingine lisilotumika sana majumbani. Nilimwonyesha ukurasa wa mwisho, wenye sahani na tende, na kumweleza kwamba neno lile si langu la kubadilisha. Aliusoma mara mbili, akacheka, akaniuliza tende za dukani siku hizi kilo ni kiasi gani.