Je, wajua COUNTIFS ya Excel huhesabu vipi alama zilizo katikati bila kugusa mipaka?

"Nataka kujua ni wanafunzi wangapi wamepata alama kati ya 50 na 70. Mwenye 50 kamili simtaki, na mwenye 70 kamili simtaki. COUNTIFS naiandikaje?"

Itaje safu ileile ya alama mara mbili, kila mara na sharti lake, na usiweke alama ya usawa popote. Kama alama ziko B2 hadi B13, fomula ni hii:

```
=COUNTIFS(B2:B13,">50",B2:B13,"<70")
```

Kama kompyuta yako imewekwa kutumia mkato kwenye desimali, huenda ikadai nukta mkato mahali pa mkato kati ya sehemu za fomula. Mengine yote hayabadiliki.

Tuchukue wanafunzi 12 wenye alama hizi, kuanzia B2 kushuka: 48, 50, 51, 70, 63, 50, 69, 82, 70, 57, 35, 70. Excel inaanza na mstari wa kwanza na kuuliza maswali mawili. Je, 48 inazidi 50? Hapana, basi mstari huo umeanguka, hata kama 48 iko chini ya 70. Inashuka kwenye 50. Je, 50 inazidi 50? Hapana, ni sawa nayo tu, hivyo nao umeanguka. Halafu 51: inazidi 50, na iko chini ya 70, basi inahesabiwa. Ikifika 70, swali la kwanza inalipita, lakini la pili linaikamata, kwa kuwa 70 si ndogo kuliko 70. Mwisho wa safari zimebaki 51, 63, 69 na 57. Jibu ni 4.

Hapo ndipo penye siri ya kuitaja safu mara mbili. COUNTIFS huhesabu mstari uliotimiza masharti yote kwa pamoja, si mstari uliotimiza lolote kati yake. Waliozidi 50 ni wanane. Walio chini ya 70 nao ni wanane. Wale wanne ndio walio kwenye makundi yote mawili. Wengi hujaribu kuandika `50<B2:B13<70` kama walivyozoea kwenye hesabu za daftarini, lakini COUNTIFS haisomi hivyo. Kila sharti lazima lisimame peke yake na safu yake mbele yake. Na safu hizo mbili ziwe na urefu mmoja. Ukiandika B2:B13 upande mmoja na B2:B12 upande wa pili, utapewa `#VALUE!`.

Sasa ongeza usawa uone tofauti yake:

```
=COUNTIFS(B2:B13,">=50",B2:B13,"<=70")
```

Jibu linaruka hadi 9. Ukitoa 4 kwenye 9 unabaki na 5, nao ni wale wawili wa 50 na watatu wa 70. Mimi huipenda hesabu hii ya kutoa kama kipimo cha kujihakikishia. Hesabu kwa macho wenye alama iliyo sawa kabisa na mpaka, kisha linganisha na tofauti ya fomula hizo mbili. Zisipolingana, kuna kitu kwenye safu yako, na mara nyingi ni kimojawapo cha viwili nitakavyovieleza.

Kabla ya hivyo viwili, neno kuhusu alama za nukuu, kwa sababu zinawasumbua watu. Sharti `">50"` ni maandishi. Excel huyafungua, ikachukua alama ya kulinganisha, kisha ikageuza kilichobaki kuwa namba. Ndiyo maana mpaka ukiwa kwenye seli, tuseme 50 iko E1 na 70 iko E2, huwezi kuandika `">E1"`. Ukifanya hivyo Excel inadhani unatafuta maandishi yanayofuata baada ya "E1" kwa mpangilio wa herufi, na kwa safu yenye namba tupu inakupa 0 bila onyo lolote. Alama ya kulinganisha inabaki ndani ya nukuu, na seli inaunganishwa nje kwa `&`:

```
=COUNTIFS(B2:B13,">"&E1,B2:B13,"<"&E2)
```

Ninashauri uiandike hivi tangu mwanzo. Mipaka ikibadilika, unabadilisha seli mbili tu, na anayesoma jedwali anaiona mipaka bila kufungua fomula.

Kitu cha kwanza kinachoharibu hesabu ni desimali zilizofichika. Tuseme alama si za mtihani mmoja, ni wastani wa karatasi mbili. Mwanafunzi amepata 69 na 70, wastani wake ni 69.5. Kama seli imepangwa isionyeshe desimali, utaona 70 kwenye skrini. COUNTIFS haitazami kilichoonyeshwa, inatazama kilichomo. Kilichomo ni 69.5, nayo ni ndogo kuliko 70, hivyo mwanafunzi anahesabiwa. Wewe unaona 70 na unadhani fomula imekosea. Vivyo hivyo 50.4 inaonekana kama 50, kumbe imezidi 50 na imeingia kwenye hesabu. Ili kugundua, bofya seli na usome thamani kwenye upau wa fomula ulio juu, au, kama ndani kuna fomula, ongeza desimali za kuonyeshwa.

Hapa lazima uamue mwenyewe alama halisi ni ipi. Kama utaratibu wako ni kukadiria wastani hadi namba nzima kabla ya kuwapanga wanafunzi, basi kadiria kweli, usifiche tu. Kama karatasi hizo mbili ziko B na C, andika hii kwenye safu ya wastani, na COUNTIFS isome safu hiyo ya wastani:

```
=ROUND(AVERAGE(B2:C2),0)
```

Sasa 69.5 inakuwa 70 kwelikweli, na COUNTIFS inaiacha nje. Kama hukadirii, acha desimali zionekane ili kila mtu aone kwa nini huyo amehesabiwa. Ni kwa sababu hiyohiyo siwaungi mkono wanaoandika `">=51"` na `"<=69"` wakidhani ni njia nyingine ya kusema jambo lilelile. Kwa namba nzima jibu litafanana, lakini wenye 50.5 na 69.5 watapotea kimyakimya ilhali wako ndani ya mipaka.

Cha pili ni namba iliyoingia kama maandishi, jambo la kawaida alama zikinakiliwa kutoka kwingine. Tuseme 57 ya mwanafunzi wetu imeingia hivyo. Kwa macho ni 57, lakini sharti lenye `>` au `<` mbele ya namba halilinganishi maandishi, kwa hiyo jibu linashuka kutoka 4 hadi 3. Seli ya namna hiyo kwa kawaida huegemea kushoto na huwa na pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona yake. Lakini mpangilio wa seli unaweza kuficha dalili ya kwanza, hivyo mimi hutumia kipimo hiki:

```
=COUNT(B2:B13)
```

COUNT huhesabu seli zenye namba tu. Ikikupa 11 na wanafunzi waliofanya mtihani ni 12, kuna mmoja aliyejificha kama maandishi. Chagua seli hizo, bofya alama ya onyo inayotokea pembeni, kisha `Convert to Number`. COUNT itasoma 12, na COUNTIFS itarudi kwenye 4.