Kigari cha roboti, boriti na alama za darini: dhana potofu na ukweli

Vyumba vya nyumba kongwe za Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko. Tunafanyia majaribio kigari chetu katika chumba cha namna hiyo, mita 10 kwa 2.5, na humo kosa la mwelekeo halifichiki.

Dhana: Enkoda nzuri zikihesabu vyema, kigari hakipotei.

Ukweli: Enkoda huhesabu mizunguko ya gurudumu, haijui sakafu. Gurudumu la kulia likiwa na kipenyo cha milimita 101 na la kushoto 100, baada ya mita 10 la kulia limekwenda sentimita 10 zaidi. Ikiwa baina yao pana sentimita 40, kigari kimepinda kushoto kama digrii 14 na kimeacha mstari kwa zaidi ya mita moja, ilhali hesabu yasema kimenyooka. Kwetu hapo ni ukutani. Kosa likiangukia upande ule ule kila safari, pima vipenyo upya. Likibadilika, magurudumu yanateleza, na hilo halina kipimo cha kulitibu: ndipo alama za darini zinapohitajika.

Dhana: Boriti hazikunyooka, kwa hiyo alama zitadanganya.

Ukweli: Hili ndilo ninalobishana nalo zaidi. Tunabandika kwenye boriti alama za AprilTag, yaani michoro ya miraba myeusi na myeupe ambayo kompyuta huitambua pichani, na kamera ya kigari hutazama juu. Nafasi tunaipata kwa kitovu cha alama, na alama ikiinama kidogo kitovu chake hakihami. Lazima tu upime kimo cha kila alama, maana boriti hazilingani. Kinachodhuru ni kuinama kwa kigari chenyewe: digrii 2 tu, alama ikiwa mita 2.6 juu ya kamera, nafasi hukosewa kwa sentimita 9.

Kizungushe kigari papo hapo chini ya alama. Nafasi iliyokokotolewa ikichora duara kubwa kuliko mzunguko wa kamera yenyewe, kamera imefungwa upande, irekebishe. Ikihama na kubaki pale pale, sakafu ndiyo iliyoinama. Hata hivyo mwelekeo hauathiriki sana, kwa kuwa unasomwa kwa jinsi alama ilivyozunguka ndani ya picha, na mwelekeo ndio hasa magurudumu huupoteza. Kwa hiyo usomaji wa mwelekeo tunauamini kuliko wa nafasi.

Dhana: Alama ikionekana, futa hesabu ya magurudumu uanze upya.

Ukweli: Picha huchelewa. Ikichelewa sekunde 0.1 huku kigari kikigeuka digrii 90 kwa sekunde, mwelekeo unaoupata ni wa digrii 9 nyuma. Linganisha alama na pale magurudumu yaliposema kigari kipo wakati picha ilipopigwa, kisha ongeza mwendo uliofuata. Kichujio cha Kalman, yaani hesabu ya kuunganisha vipimo vya magurudumu na vya alama, huamua kila upande uaminiwe kwa kiasi gani. Alama ikidai kigari kimeruka mita 3 ghafla, sisi tunaiacha mpaka picha kadhaa zinazofuata ziseme vivyo hivyo.