Kufuli la Kikoa: Linachozuia na Lisichozuia

Kikoa, au domeini kama wengi wanavyoita, ni jina ambalo mteja analiandika ili kuifikia tovuti ya biashara, na ndilo pia linalokuja baada ya alama ya @ katika barua pepe za ofisi. Jina hilo halinunuliwi moja kwa moja. Hukodishwa kwa mwaka mmoja au zaidi, na kwa majina ya .com huwezi kulipia zaidi ya miaka kumi mbele. Pesa hupokelewa na kampuni inayoitwa msajili, na msajili naye huandika jina hilo katika daftari kuu la .com, ambalo linatunzwa na kampuni ya Verisign chini ya kanuni za ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani.

Katika daftari hilo jina linaweza kuwekewa kufuli la uhamisho. Ukilitafuta jina lako kwenye ukurasa wa lookup.icann.org, kufuli hilo huonekana kwa maneno haya:

```
clientTransferProhibited
```

Maana yake ni kwamba msajili mwingine hawezi kulichukua jina hilo hadi msajili wa sasa alifungue. Ni kinga nzuri, na kwa wasajili wengi huwekwa bila kuombwa. Lakini wenye biashara wengi wakiliona hupumua, wakidhani jina limelindwa dhidi ya kila kitu, na hapo ndipo wanapokosea. Kufuli halizuii muda wa jina kwisha. Tena halimjui mwenye duka. Linamtii yeyote mwenye nywila ya akaunti iliyoko kwa msajili. Ikiwa akaunti hiyo ni ya fundi aliyetengeneza tovuti, basi kufuli linamlinda fundi, hata kama pesa zote zilitoka kwako.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro lenye jina la .com. Fundi alilisajili ndani ya akaunti yake mwenyewe, kwa kadi yake ya benki, akaweka barua pepe yake, na kila mwaka mwenye duka akawa anamtumia pesa kwa simu. Baadaye fundi akapata ajira mji mwingine na kadi ile ikaisha muda. Jina linafika mwisho tarehe 10 Machi. Kanuni za ICANN zinamtaka msajili atoe taarifa takriban mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, tena takriban wiki moja kabla, na nyingine ndani ya siku tano baada ya muda kwisha ikiwa jina bado halijalipiwa. Taarifa zote hutumwa, lakini zinakwenda kwa fundi. Hata kama angeweka barua pepe ya dukani, kuna mtego mwingine: ikiwa barua pepe hiyo inatumia jina lilelile la kikoa, jina likizimwa nayo inazimika, na ujumbe wa kubadilisha nywila hauna pa kufikia. Ndiyo maana anwani ya mawasiliano kwa msajili inapaswa kuwa ya nje ya kikoa hicho.

Baada ya tarehe 10 Machi tovuti inaweza kugeuka ukurasa wa matangazo ndani ya siku chache. Kisha kuna jambo linalowachanganya hata watu wenye uzoefu. Mwenye duka akitazama daftari siku hizo anaweza kuona tarehe ya mwisho imesogea mwaka mzima mbele, akaamini kwamba mtu amelipa. La hasha. Daftari la .com huongeza mwaka lenyewe muda unapokwisha, kisha humpa msajili hadi siku 45 za kuamua iwapo atalifuta jina na kurudishiwa ada yake. Kinachothibitisha malipo ni risiti ya msajili pamoja na tarehe inayoonekana ndani ya akaunti.

Katika siku hizo 45, ambazo kwa mfano wetu zinafika tarehe 24 Aprili, kwa kawaida jina hulipiwa kwa ada ya kila mwaka, ingawa wasajili wengine huongeza faini. Msajili akilifuta siku ya mwisho, jina huingia katika hali ya redemptionPeriod kwa siku 30, yaani hadi 24 Mei. Bado linaweza kurudishwa, ila kwa ada ya ukombozi ambayo huwa kubwa mara kadhaa kuliko ile ya kawaida. Kisha huja siku tano za pendingDelete, ambazo hakuna anayeweza kulirudisha, na kufikia 29 Mei jina liko huru kwa mtu yeyote duniani. Lakini usizihesabu siku hizi kama haki yako. Msajili anaweza kulifuta jina mapema, na wapo wanaolipiga mnada kabla ya siku 45 kwisha, kiasi kwamba jina haliingii kabisa katika kipindi cha ukombozi. Majina ya .co.tz na .co.ke yana kanuni na vipindi vyake, kwa hiyo hesabu hii isitumiwe huko.

Usahaulifu huu hauwapati wadogo tu. Mwezi Desemba 1999 kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia passport.com, jina lililotumika kuingilia barua pepe za Hotmail, watumiaji wakashindwa kuingia, na aliyelipa ada ya dola 35 alikuwa mtaalamu wa Linux asiyehusika na kampuni hiyo, Michael Chaney.

Kumtoa fundi kwa amani ni rahisi wakati bado mnaelewana. Njia nyepesi ni wewe kufungua akaunti kwa msajili yuleyule, kisha fundi alisukume jina kutoka akaunti yake kwenda yako. Hapo kwa kawaida hakuna kuhama msajili. Ukitaka kuhamia msajili mwingine, fundi hufungua kufuli na kukupa namba ya siri ya uhamisho, nawe unaipeleka kwa msajili mpya na kulipia mwaka mmoja, ambao huongezwa juu ya muda uliobaki. Uhamisho huweza kuchukua siku tano hivi. Jina lililosajiliwa au kuhamishwa chini ya siku 60 zilizopita kwa kawaida haliwezi kuhama, na kubadilisha jina la mmiliki kunaweza kuleta kifungo kingine cha siku 60. Kwa hiyo, hama kwanza, ubadilishe jina la mmiliki baadaye. Pia nakili rekodi zote za DNS, yaani maelekezo yanayoonyesha tovuti na barua pepe za jina hilo ziko wapi, kabla ya kuanza, hasa zile za MX zinazoongoza barua pepe, kwa sababu msajili wa zamani anaweza kuacha kuzihudumia siku jina linapoondoka.

Fundi akikataa, swali la kwanza la msajili litakuwa ni jina la nani limeandikwa kwenye sehemu ya mmiliki. Sehemu hiyo siku hizi hufichwa kwa umma, hivyo ni lazima uiombe picha yake kutoka ndani ya akaunti mapema. Ikiwa limeandikwa jina la biashara, msajili anaweza kukusikiliza ukimpelekea cheti cha usajili na kitambulisho. Ikiwa limeandikwa jina la fundi, risiti za simu zitakufaa mbele ya wakili au mahakama kuliko kwa msajili. Utaratibu wa kimataifa wa kutatua migogoro ya vikoa, UDRP, nao unadai uonyeshe kwamba una haki ya alama ya biashara, kwamba fundi hana haki halali juu ya jina hilo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Sharti hilo la mwisho ni gumu kulithibitisha pale ambapo wewe mwenyewe ndiye uliyemtuma alisajili.