Mshumaa hauyeyuki ukaisha: unaungua

Nimesikia tena mtu akisema mshumaa "huyeyuka mpaka ukaisha", na mwenzake akamsahihisha kwamba kinachowaka ni utambi, nta kazi yake ni kuuzuia usiungue haraka. Wote wawili wamekosea, na makosa haya nimeyasikia mpaka kwa watu wanaofundisha watoto.

Maana yenyewe ni fupi. Joto la mwali huyeyusha nta iliyo karibu. Nta ya majimaji hupanda kwenye utambi, ikifika juu inageuka mvuke, na mvuke huo ukikutana na oksijeni ya hewani ndio unaoungua. Joto linalotoka hapo hushuka kuyeyusha nta nyingine, na mzunguko unaendelea. Basi mshumaa ni nta inayoungua ikiwa mvuke.

Kinachonikera ni kwamba lugha yetu inayo maneno ya kutosha kulieleza hili, ila tunayachanganya. Neno mshumaa lenyewe asili yake ni Kiarabu, shamaa, na maana yake ya msingi huko ni nta. Tulipolipokea tukaliweka katika ngeli ya mti, mshumaa na mishumaa, na kwa kuwa tulikuwa tayari na neno letu nta, tukasahau kwamba yanasema kitu kimoja. Anayetamka mshumaa anataja nta, kumbe utambi haumo katika jina. Waliokipa kitu hiki jina walikiita kwa jina la kuni zake, na walikuwa sahihi.

Halafu kuna vitenzi vitatu: kuyeyuka, kuungua na kuwaka. Kuyeyuka ni kitu kigumu kuwa majimaji kikibaki kilekile. Kipoze, kitaganda tena. Kuungua ni kuharibiwa na moto, kitu kikawa kitu kingine. Kuwaka ni kutoa mwanga au mwali. Ndiyo maana tunasema taa ya umeme inawaka ingawa hakuna kinachoungua ndani yake, na nguo iliyoachwa chini ya pasi imeungua ingawa haikuwaka. Kwenye mshumaa vitenzi vyote vitatu vipo kwa wakati mmoja, kila kimoja na mahali pake. Nta ya kwenye kidimbwi kilicho chini ya mwali inayeyuka. Mvuke wake, juu kidogo, unaungua, na kwa kuungua huko mwali unawaka.

Tuchukue mshumaa wa gramu 50. Yeyusha nta yake yote kwenye sufuria, kisha uipime: gramu 50 zitakuwa palepale. Mshumaa wa namna hiyohiyo ukiuwasha mpaka mwisho, kwenye kisahani hubaki matone tu. Gramu zake zimekwenda wapi? Nta ya parafini imeundwa kwa kaboni na haidrojeni, na vyote viwili vimeungana na oksijeni: kaboni ikawa hewa ya ukaa, kiasi cha gramu 157, na haidrojeni ikawa maji, kiasi cha gramu 64. Maji yanazidi uzito wa mshumaa wenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake ni oksijeni iliyochukuliwa hewani. Ukitaka kuyaona, pitisha kijiko cha baridi juu ya mwali bila kuugusa. Kwa sekunde chache kitafunikwa na ukungu. Ule ni unyevu uliozaliwa hapo hapo kutokana na nta.

Na utambi? Kazi yake ni kupandisha. Chovya ncha ya kitambaa kikavu katika maji, utaona maji yanapanda yenyewe kupitia nafasi nyembamba kati ya nyuzi. Nta iliyoyeyuka hufanya vivyo hivyo katika uzi wa pamba. Ndani ya mwali utambi huwa mweusi, lakini hauteketei upesi, kwa kuwa oksijeni haifiki ndani kule na nta inayogeuka mvuke inachukua joto jingi. Unaoteketea ni ncha tu. Mwaka 1825 Mfaransa Cambacérès alisuka utambi badala ya kuuacha uzi uliosokotwa. Utambi uliosukwa hujipinda unapoungua, ncha yake ikatokeza ukingoni mwa mwali penye oksijeni, ikageuka majivu. Kabla ya hapo ilibidi mtu aukate kwa mkasi kila mara.

Ushahidi wa mvuke unaweza kuupata kwa kiberiti. Zima mshumaa uliowaka dakika kadhaa, na utaona uzi mweupe ukipanda kutoka kwenye utambi. Watu huuita moshi, lakini kwa sehemu kubwa ni mvuke wa nta uliopoa ukawa vitone vidogo sana. Sogeza njiti inayowaka kwenye uzi huo, sentimita mbili tatu juu ya utambi, na moto utaruka kushuka mpaka kwenye mshumaa. Njiti haikuugusa utambi hata kidogo.

Sasa, mbona mwali haukui? Nta yote ile ipo chini yake, na kila nta ni kuni. Jibu ni kwamba nta ya majimaji haishiki moto hivihivi. Nyingi ya nta za mishumaa huyeyuka karibu na nyuzi 60 za selisiasi, lakini hazitoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka zifike karibu 200. Kidimbwi kiko mbali na hapo, tena hewa baridi inayovutwa kutoka pembeni inapoza ukingo wa mshumaa, ndiyo sababu ukingo hubaki mgumu kama kikombe. Mlango pekee wa kuni kuingia motoni ni sehemu ya utambi iliyotokeza, na mvuke unaotoka hapo ni ule tu unaotosha eneo hilo. Mwali huwa mkubwa kadiri mvuke unavyohitaji nafasi ili ukutane na oksijeni, basi.

Kwa hiyo urefu wa utambi ndio unaoamua. Milimita sita hivi hutosha kwa mshumaa wa kawaida. Ukiuacha mrefu, mvuke unazidi oksijeni inayoingia, mwali unarefuka na kuchezacheza, masizi yanatoka bila kuungua na ukuta unakuwa mweusi. Wakati mwingine masizi hujikusanya nchani kama kichwa cha uyoga: hiyo ni dalili kwamba utambi unaleta nta kuliko inavyoweza kuungua. Ukiwa mfupi mno, kidimbwi kinauzamisha na mwali unazimika.

Ondoa utambi uone nta inavyokuwa bila mlango huo. Nta iliyosahauliwa jikoni kwenye sufuria, ikipita nyuzi 200, inaweza kushika moto uso mzima, na maji hayaizimi. Yanageuka mvuke kwa ghafla chini ya nta na kuirusha ikiwaka. Funika sufuria kwa mfuniko, zima jiko, usiisogeze.

Basi mwenzangu akisema mshumaa umeyeyuka wote, humwonyesha kisahani. Matone yaliyoganda pale ndiyo yaliyoyeyuka tu. Mengine yote yameungua.