Ulinganifu wa upinde ni nini, na fundi anaupimaje

Upinde wa mti una nusu mbili, ya juu na ya chini, na katikati pana mshikio. Ukivuta ugwe, nusu zote mbili zinapinda. Ulinganifu wa upinde ni jinsi kazi hiyo ya kupinda inavyogawanywa: kwanza ndani ya kila nusu, kuanzia karibu na mshikio hadi nchani, kisha kati ya nusu ya juu na ya chini. Upinde ulio sawa hauna mahali panapopinda kupita kiasi, wala mahali palipolala tu huku pengine pakiumia. Hayo yanaelezeka kwa maneno machache. Kuyaona kwenye mti halisi ndiyo kazi, na kesi moja itaonyesha vizuri zaidi.

Mwindaji mmoja amemletea fundi upinde wake. Analalamika kwamba siku hizi akiachia mshale, upinde unamtikisa kiganja, na akivuta anahisi mshikio unataka kugeuka ndani ya mkono. Fundi anaupokea, anamwonyesha benchi lililo nje ya mlango na kumwomba asubiri hapo. Ana sababu. Upinde wenye hitilafu ukivunjika ukiwa umevutwa, vipande vyake huruka kwa nguvu, na karakana ni ndogo.

Hauvuti mara moja. Kwanza anauangalia ukiwa hauna ugwe. Anaulaza mezani, mgongo ukiwa chini, yaani ule upande unaomtazama mnyama wakati wa kulenga, tumbo likiwa juu. Upinde huu ulichongwa ukiwa umenyooka. Sasa ncha ya juu imebaki imepinda kama sentimita 2 kuelekea tumboni, na ya chini sentimita 4. Upinde wowote wa mti hubaki na mpindo kidogo baada ya kutumika, kwa sababu nyuzi za mti upande wa tumbo hubanwa na hazirudi zote. Kinachomshtua fundi ni kwamba nusu moja imebaki imepinda mara mbili ya nyingine. Nusu ya chini imekuwa ikifanya kazi kubwa kuliko mwenzake.

Kisha anavisha ugwe na kuchukua rula. Anapima umbali kutoka ugwe hadi tumbo la upinde mahali pawili: pale mshikio unapoishia na nusu ya juu inapoanza, na pale pale upande wa chini. Juu anapata milimita 168. Chini anapata 171. Nusu iliyo dhaifu hupinda zaidi, kwa hiyo huachana na ugwe zaidi. Vipimo viwili tu, na tayari vinakubaliana na meza: nusu ya chini imelegea.

Mtu angeweza kudhani kwamba namba zinazotafutwa ni zilizo sawa kabisa. La hasha, si lazima. Mshale hupita juu ya kiganja kinachoshika upinde, kwa hiyo mahali unapovutwa ugwe na mahali unaposukumwa mshikio havikutani katikati kamili ya mti. Kwa mtu anayevuta kwa vidole vitatu, kimoja juu ya mshale na viwili chini yake, mazoea ya mafundi ni kuacha upande wa juu uwe na umbali mkubwa kidogo, milimita 3 hadi 6, maana yake nusu ya chini iwe ngumu kidogo kuliko ya juu. Anayeweka vidole vyote vitatu chini ya mshale hutengenezewa upinde ambao umbali huo unakaribia kulingana. Ndiyo maana fundi anatoka nje.

"Hebu vuta nione. Kidogo tu, usifikishe kidevuni."

Mwindaji anavuta. Kidole kimoja juu, viwili chini. "Hivyo ndivyo ninavyovuta siku zote, fundi."

Basi lengo ni juu kuzidi chini kwa takriban milimita 4. Upinde ulio mezani unazidi kwa milimita 3 upande usiotakiwa. Kuna tofauti ya milimita 7 ya kurekebisha, lakini bado haijajulikana udhaifu umekaa wapi. Nusu nzima inaweza kuwa imelegea, au ni mahali pamoja tu panapopinda kwa niaba ya pengine pote. Rula peke yake haiwezi kukuambia.

Hapo ndipo inapoingia ile zana ninayoipenda kuliko zote za kazi hii, kwa sababu haihitaji jicho la mzoefu: kipande cha mbao bapa, urefu wa sentimita 15, chenye tundu katikati na penseli iliyochomekwa humo. Upinde ukiwa na ugwe wake, tumbo huwa limebonyea kidogo. Ukiweka kibao juu ya tumbo, ncha zake mbili hugusa mti na katikati hubaki uwazi. Penseli inashushwa mpaka iguse kwa shida, kisha kibao kinasukumwa taratibu kando ya nusu nzima. Panapopinda kwa kiasi kilekile, penseli huacha mstari mwembamba usiobadilika. Pasipopinda vya kutosha, uwazi hupungua na penseli hukandamiza mstari mweusi. Panapopinda kupita kiasi, mstari unakatika.

Upinde huu ni mpana karibu na mshikio, milimita 45, na unazidi kuwa mwembamba kwa kiasi kilekile hadi nchani, huku unene ukibaki karibu milimita 13 kote. Umbo hilo linapaswa kupinda kama sehemu ya duara, mpindo mmoja kila mahali, kwa hiyo mstari wa penseli nao unapaswa kuwa mmoja. Upinde wenye upana usiobadilika, unaopunguzwa unene kuelekea nchani, ungesomwa tofauti: mti mnene ukipindishwa sawa na mwembamba huumia zaidi, hivyo karibu na mshikio ungetakiwa upinde kidogo na kuelekea nje upinde zaidi. Anayetumia kibao bila kujua umbo la upinde wake ataharibu upinde mzuri.

Kwenye nusu ya juu mstari unakwenda bila shida. Kwenye nusu ya chini unakwenda, kisha theluthi ya njia kutoka kwenye mshikio unapotea kwa upana wa kiganja kimoja. Baada ya hapo unarudi mweusi na mzito. Pamefanya kiwiko, na mti ulio mbele ya kiwiko unapumzika.

Fundi anavua ugwe na kupitisha ukucha juu ya kiwiko polepole, akifuata urefu wa mti. Anatafuta mikunjo myembamba inayokatisha nyuzi, ambayo hutokea tumbo linapobanwa kupita uwezo wake. Macho huikosa kwa urahisi, ila ukucha hukwama. Mara ya pili anarudia akiwa ameielekeza taa ubavuni ili kivuli kionyeshe. Hakuna. Kama ingekuwapo, asingeupeleka upinde huu mawindoni, kwa sababu nyuzi zilizokwisha kukunjamana hazirudishwi kwa kukwangua.

Sasa linakuja jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mti hauongezwi. Kiwiko hakiwezi kufanywa kigumu kwa kisu, kwa hiyo dawa ni kupunguza mti pembeni yake, pale penye mstari mweusi, ili mpindo usambae na kiwiko kipumzike. Lakini kufanya hivyo kunazidi kuilegeza nusu ya chini, ambayo tayari ndiyo dhaifu. Kwa hiyo nusu ya juu nayo lazima ikwanguliwe, na ikwanguliwe zaidi, mpaka iwe laini kidogo kuliko ya chini. Kila hatua inapunguza nguvu ya upinde.

Na hupunguza haraka. Ugumu wa mti unakwenda kwa unene wake uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ukitoa robo milimita kwenye unene wa milimita 13, umetoa chini ya asilimia 2 ya unene, ila ugumu unashuka karibu asilimia 6. Upinde huu unavutwa kwa ratili 46, kama kilo 21, mshale ukivutwa sentimita 71. Robo milimita kote ingeondoa karibu ratili 3. Ndiyo maana kazi hii haifanywi kwa randa, bali kwa kipande cha chuma chembamba chenye ukingo mkali, kinachotoa unyoya tu wa mti kwa kila mpito.

Hilo halimhusu fundi peke yake. Anatoka tena na kumweleza mwenye upinde: ukirekebishwa utashuka hadi ratili 42 hivi. Ni swali la kweli kwa mwindaji, kwani sehemu kadhaa sheria huweka kiwango cha chini cha nguvu ya upinde wa kuwindia, na ratili 40 ni kiwango kinachokutwa mara nyingi. Mwindaji anauliza kama hakuna njia nyingine. Ipo: kukichoma kiwiko taratibu kwa joto kavu upande wa tumbo ili mti ukaze. Lakini mti uliochomwa hukauka, na ni lazima uachwe urudishe unyevu wake kabla ya kuvutwa, la sivyo huvunjika. Yeye anautaka leo.

"Basi kwangua, fundi."

Fundi anakwangua tumbo tu. Mgongo hauguswi, kwa sababu ndio unaovutwa, na uzi uliokatwa hapo ndipo mpasuko unapoanzia. Baada ya mipito michache anavisha ugwe, anauweka upinde kwenye kigingi cha ukutani na kuuvuta kwa kamba inayopita kwenye kapi sakafuni, mara thelathini, nusu ya njia tu. Bila mazoezi hayo mti hauonyeshi kilichotolewa, na mwenye haraka atakwangua tena kile alichokwisha kukitoa.

Akiwa upande wa pili wa karakana, kamba mkononi, anatazama ndoano iliyoshika ugwe pale vidole vinapokaa. Amechora mstari wima ukutani. Mwanzoni ndoano ilikuwa inateleza kuelekea nusu ya juu inaposhuka, kwa sababu huvutwa upande wa nusu iliyo ngumu. Huo ndio mgeuko ambao mwindaji alikuwa akiuhisi kiganjani. Kila baada ya kukwangua, inaukaribia mstari. Anapouvuta hadi sentimita 71 kwa mara ya kwanza, anasoma mizani na kulegeza papo hapo, maana upinde wa mti haushikiliwi umevutwa kwa ajili ya kuutazama. Ratili 42. Ndoano imeshuka wima.

Rula inasema juu 171, chini 168. Penseli bado inafifia kidogo kwenye kiwiko, ila mstari haukatiki tena. Fundi anauacha hivyo. Kufuata mstari kamili kungegharimu ratili nyingine, na mti wa asili wenye nyuzi zinazopinda haudai ukamilifu huo.

Anaupeleka nje pamoja na maelekezo mawili: asiuvute kupita sentimita 71, na baada ya kupiga mishale mia hivi aulete upimwe tena, kwa kuwa mti uliotoka kukwanguliwa huendelea kutulia, na milimita 3 za leo zinaweza kuwa 2 au 5.